Gari la Shemeji Haliamki

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mzee Fyuzi, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa miaka thelathini na nane ya kutengeneza umeme wa magari, hakuna mteja aliyetoka kwenye karakana yake bila kupewa somo lile lile, kwamba waya usio na fyuzi ni hatari na fundi anayeuweka ni mhuni. Ungemletea gari lisilowaka taa za breki, angeanza na fyuzi. Ungepita kumsalimu tu, angemalizia na fyuzi. Watu walimcheka, lakini gari likiwagomea walijua pa kwenda.

Ijumaa hiyo hakuwa karakanani. Alikuwa uani kwa shemeji yake, mjane wa rafiki yake wa damu, ameinama juu ya boneti la gari dogo jeupe alilolijua kuliko alivyoijua nyumba yake. Rafiki yake alikuwa mwoka mikate. Alilinunua gari lile likiwa na umri wa kati, akalizeesha yeye mwenyewe, akafa miaka mitatu iliyopita akiliacha uani. Mjane, muuguzi wa wodi ya watoto, akajifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na mbili. Mzee Fyuzi ndiye aliyekaa kiti cha pembeni akimfundisha, akishika mlango kwa mikono miwili na kumwambia, "Vizuri, shemeji, vizuri," hata pale palipokuwa pabaya.

Sasa gari lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Likilala, haliamki. Jioni linarudi kutoka hospitali linanguruma, asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia tik, basi. Mwezi mzima sasa. Betri mbili mpya zimekwisha kufa humo, na mara nne muuguzi mzima amesukuma gari barabarani na sare yake nyeupe.

"Ba'mdogo, mimi nimechoka," alisema binti mkubwa wa nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Mama anatoka hapa giza halijaisha, anabaki peke yake barabarani. Yule wa vyuma chakavu anakuja kesho saa nne. Kama asubuhi haliwaki, linaondoka."

Mzee Fyuzi alimtazama mama mtu. Shemeji alikuwa analifuta boneti kwa kitambaa mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Litawaka," alisema fundi.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko uhakika aliokuwa nao. Ukweli ni kwamba alikuwa na deni la aibu kwenye gari lile. Wiki tatu nyuma, shemeji alipomweleza shida hiyo pale sokoni, hakuuliza swali hata moja. Alisikia tu kwamba fundi wa stendi amefunga redio mpya mwezi huo huo, akarukia hukumu. Alimpa fundi wa stendi vidonge vyake mbele ya wateja wake, akamwita mchoma magari, akaagiza redio ing'olewe. Redio ikang'olewa. Usiku ule ule betri ikafa tena. Fundi wa stendi tangu siku hiyo akimwona anageuza uso, na Mzee Fyuzi alijitia hamnazo, maana kuomba radhi kulimshinda.

Leo aliamua kufanya kazi kama alivyofundishwa. Alitoa ufunguo, akafungua dirisha asije akajifungia nje, akabandika utepe kwenye swichi ya mlango ili taa ya ndani isiwake mlango ukiwa wazi. Kisha akalegeza waya wa hasi kwenye betri, na kati ya waya ule na nguzo ya betri akaweka mita yake, umeme wote unaotoka upite humo uhesabiwe. Gari limezimwa, kila kitu kimelala. Kwa gari la zamani kama lile, lisilo na kitu cha kulisha zaidi ya saa ya dashibodi, mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri.

Ilisoma ampea moja nukta nane.

"Hiyo ni nyingi?" aliuliza binti.

"Mwanangu, kuna mtu anakula humu ndani. Tangu mama yako anapoegesha jioni mpaka asubuhi ni saa kumi na tatu. Ongeza na mchana kutwa pale hospitali. Safari ya dakika ishirini hairudishi hata robo ya kinacholiwa. Betri gani itavumilia?"

Akaanza kuchomoa fyuzi. Alichomoa ya honi, akatazama mita. Moja nukta nane. Ya taa za mbele. Moja nukta nane. Ya feni, ya waipa, ya saa, na kila aliyoichomoa aliipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake. Zilipokwisha zote, kisanduku cha fyuzi kimebaki mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, mita haikuwa imeshuka ila kwa kile kidogo cha saa.

Akakata betri, akafungua waya mnene wa alternata, mtambo wa kuchaji betri, akaufunga kitambaa, maana ule hupita nje ya kisanduku na alternata mbovu hunyonya betri kimyakimya. Akapima tena. Vile vile. Akafanya hivyo kwa waya wa stata, ile mota ya kuamshia injini. Vile vile. Shemeji alileta chai, akaiweka kwenye kigoda, ikapoa hapo hapo.

"Shem, kama haiwezekani sema tu," alisema taratibu. "Sitakulaumu."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kelele za binti. Alijua linaloondoka kesho si bati na magurudumu. Kiti kile cha dereva bado kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, kama alivyokibonyeza marehemu.

Akarudi kwenye betri yenyewe, akasafisha kichwa cha chanya kwa brashi. Chini ya nyaya nene, chini ya ukungu wa kijani na mafuta ya miaka, kidole chake kikagusa waya mmoja mwembamba mwekundu. Akaunyanyua peke yake kutoka kwenye bolti.

Mita ikaanguka mpaka sifuri.

Alipaswa kushangilia. Badala yake alivaa miwani, akasogeza uso. Maungio ya waya ule yalikuwa yamezungushiwa utepe, na juu ya utepe, uzi wa mshona viatu uliopakwa nta, umefungwa mizunguko saba na fundo lililofichwa ndani. Mji ule ulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, naye ni yeye mwenyewe. Alifundishwa na bosi wake wa kwanza, naye hakumfundisha mtu. Akaufuata waya kwa vidole kutoka mwanzo. Fyuzi haikuwepo. Wala mahali pa kuiweka hapakuwepo.

Ikamjia yote kwa mpigo. Miaka ishirini na sita iliyopita, asubuhi ya baridi, mwoka mikate amekuja mbio. Biashara ndiyo imeanza, anapeleka mikate madukani alfajiri na haoni ndani ya buti, kule nyuma ya gari. "Niwekee taa, ndugu yangu. Kubwa. Sasa hivi." Fyuzi zilikuwa zimeisha karakanani, na duka la vipuri lilikuwa halijafunguliwa. Akavuta waya moja kwa moja, akamwambia rafiki yake, "Kesho njoo nimalizie." Kesho ikaliwa na mikate. Alfajiri nyingi baada ya hapo walisimama wawili nyuma ya gari lile, wanamega mkate wa moto chini ya taa, wanacheka mambo ya kijinga ya ujana, na hakuna aliyekumbuka fyuzi. Ee, zilikuwa siku! Walikuwa na nguvu, hawana kitu, na waliamini watakuwa hivyo milele.

"Shemeji," aliita. "Buti unalifungua?"

"Halifunguki. Mwezi uliopita pikapu ilinigonga nyuma pale hospitali, kidogo tu. Mfuniko ukapanda, loki ikakwama. Naweka vitu kiti cha nyuma."

Basi ikawa wazi. Taa ile ilizimwa na kiswichi kidogo kinachobonyezwa na mfuniko ukishuka. Mfuniko ulipopanda unene wa sarafu, kiswichi kikaachiwa, na taa ikawaka usiku na mchana ndani ya buti lililofungwa, bila jicho la kuiona.

Akaurudisha waya mwekundu, akaingia nyuma, akang'oa bolti mbili za kiegemeo cha kiti. Kiegemeo kilipotoka, mwanga wa njano ukamwagika kwenye magoti yake. Mle ndani palikuwa na kapu moja la mikate, tupu, na aproni iliyokunjwa vizuri na mtu aliyetarajia kuivaa kesho yake. Shemeji hakuwahi kuviondoa.

Mzee Fyuzi alilia. Alilia akiwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, bisibisi mkononi. Shemeji aliingia upande wa pili, akatazama, akavuta aproni mpaka mapajani.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Angekata waya, gari lingewaka, sifa zingekuwa zake. Alifikiria hilo, tusimtakase. Kisha akasema:

"Shemeji, aliyekuwa anaua betri zako ni mimi. Huu ni mkono wangu, na hauna fyuzi. Ungeweza hata kuungua. Yule wa stendi hakuwa na kosa."

Binti aliacha mlango, akasogea hadi kwenye gari.

"Mlikuwa wajinga nyote wawili," alisema shemeji, akipangusa macho kwa aproni. "Umwagize huyo wa chakavu asije, mwanangu. Na wewe, usiing'oe hiyo taa. Iwekee fyuzi."

Akaiweka, ya ampea tano, akanyoosha mfuniko mpaka kiswichi kikabonyea, akapima mara tatu. Betri aliichaji karakanani jioni yote, akairudisha kabla ya chakula cha usiku.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi alikuwa getini kwao, amevaa koti, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Shemeji alitoka na sare yake nyeupe, akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, hata kabla hajabana midomo.

Alishangilia peke yake pale getini, akapunga mkono, akasogea kumpisha. Gari likaja mpaka alipo, likasimama. Dirisha likashuka.

"Panda," alisema shemeji.

"Niende wapi?"

"Stendi. Mafundi wanafungua saa kumi na mbili, na wateja wake wanakuwepo wote. Ulimtukana mbele yao, utamwomba radhi mbele yao. Mimi nitasubiri, zamu yangu ni saa moja."

Mzee Fyuzi alitazama barabara upande huu na upande ule, akakosa pa kukimbilia. Akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akapanda.