Printa Ilipokunywa Wino Wake wa Kwanza

Printa mpya nusura inipotezee mtu niliyempenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, na kosa halikuwa la printa.

Tulikuwa na steshenari mtaani Rusimbi, mimi na mwenzangu. Yeye alizaliwa Burundi, akaletwa Kigoma akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu darasa la kwanza tulikaa dawati moja. Fremu ya duka tuliikodi pamoja, kila mmoja na ufunguo wake. Mashine ya zamani ilipokufa, nilikwenda mjini peke yangu kununua nyingine, ile yenye matangi manne ya wino ubavuni.

Mimi sitoki dukani na kitu cha umeme bila kukijaribu. Hata pasi naiwasha kwanza, nione inapata moto. Muuzaji akakataa.

"Dada, hii hatuijaribu hapa. Ukishaijaza wino, ikiinama njiani unamwagika. Halafu mara ya kwanza inakunywa sana, usishtuke."

Nikamwona tapeli. Njia nzima, nikiwa nimepakata katoni kwenye bajaji, niliwaza kwamba nimeuziwa kimeo. Nilifika dukani nimeshakasirika tayari, ila sijampata wa kumkasirikia.

Tuliijaza pamoja. Mwenzangu alimimina mweusi na wa bluu, mimi mwekundu na wa njano, mpaka chupa zikaisha na kila tangi likafika mstari wa juu. Kijitabu cha maelekezo nilikiacha kwenye katoni, nani ana muda? Tukabonyeza kitufe. Taa ikaanza kupepesa, mashine ikaguna, na kioo chake kidogo kikatuonya tusiizime. Rimu za karatasi zilikuwa zimetuishia, nikamwachia ulinzi nikavuka barabara kwenda kununua.

Niliporudi taa imetulia, mashine iko kimya. Nikatupa jicho kwenye matangi. Yote manne yalikuwa yameshuka, upana wa kidole chini ya mstari. Nikamtazama mwenzangu. Mkoba wake ulikuwa mapajani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Wino uko wapi?"

"Umeingia ndani. Hata mimi nilishtuka. Nimepapasa chini ya mashine yote, pakavu."

"Umeingia ndani ya nini? Hatujachapa hata ukurasa mmoja!"

Akainua mabega. Hilo likanipandisha hasira zaidi.

"Nyie ndivyo mlivyo," nikasema. "Mtu akigeuka tu kidogo."

Neno lilishatoka. Nilitaka kulirudisha na sikujua pa kulishika.

Yeye hakupaza sauti. Aliufungua mkoba, akaumwaga wote mezani mbele yangu: kanga, simu, Biblia yenye jalada lililochanika, funguo.

"Oya, usigeuze uso," akasema. "Angalia vizuri."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia kweli. Nikainua mpaka kanga. Hapakuwa na kitu. Alikusanya vitu vyake, akaacha ufunguo mmoja mezani, ule wa duka, akatoka.

Nikampigia muuzaji, nikafoka. Alinisubiri nimalize.

"Inua kifuniko cha juu, dada, polepole. Unaona vijimpira vyembamba?"

Niliviona. Vilikuwa vinne, kila kimoja kimejaa rangi yake.

"Vilitoka kiwandani vitupu. Wino umetoka kwenye matangi, umejaza vijimpira hivyo mpaka kwenye kichwa kinachochapa. Kuna pampu inavuta hewa yote itoke, kwa sababu kipovu kikibaki unapata mistari mitupu. Wino unaotoka na hewa unanyonywa na sponji iliyo humo ndani. Ni mara hii moja tu, ndani kumeshajaa. Nilikwambia usishtuke."

Nikachapa ukurasa wa majaribio. Ulitoka safi, rangi zote zimekolea. Sijawahi kuchukia karatasi nzuri kiasi kile.

Nilifunga duka mchana kweupe nikaenda Ujiji, anakoishi. Nilimkuta bombani, anasugua vidole kwa sabuni ya mche, wino hautoki. Nilimweleza yote kwa pupa, matangi, vijimpira, pampu, sponji, kama vile nikieleza vizuri sana nitakuwa nimeshaomba radhi. Mwisho nikasema nisamehe, nilidhani wino umeibwa.

Alifunga bomba.

"La wino nimeelewa," akasema. "Nieleze lile lingine, dada. Nyie ni akina nani?"

Nilimnyooshea ufunguo wa duka. Hakuupokea. Alikuwa anatazama mkono wangu, nami nikautazama. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu na vya njano mpaka kwenye kucha.