Alama Tisa za Baba Watoto

Shuleni alikofundisha Kiswahili, walisema kalamu nyekundu ya Mwalimu haijui undugu. Jumamosi hiyo alikuwa sebuleni, madaftari ya kidato cha tatu yamemzunguka, anasahihisha barua za kuomba kazi. Mumewe akaja akaweka karatasi moja juu ya meza.

"Na hii nayo isahihishe," alisema. "Usinionee haya. Nisahihishe kama hao wanao."

Kiwanda cha sabuni alikofanya kazi ya ufundi pampu miaka kumi na minane kilikuwa kimefungwa mwezi wa tatu. Sasa kiwanda cha vinywaji kilikuwa kimetangaza nafasi ya fundi pampu.

Mwalimu akasahihisha kama alivyoambiwa. Anwani ya mumewe ilikuwa kushoto badala ya kulia, ya kiwanda haikuwepo kabisa, wala tarehe. Kichwa cha habari hakuna. Barua ilianza, "Habari zenu? Natumaini hamjambo kama mimi," na kumalizia, "Ni mimi ndugu yenu." Katikati aliandika, "Nataka hiyo kazi kwa sababu hali nyumbani ni ngumu, nioneeni huruma." Kisha ikafuata aya ndefu kuhusu pampu moja iliyokuwa ikiunguruma. Hiyo Mwalimu aliipiga mstari wa kukatisha, akaandika pembeni: "Nje ya mada. Hii si hadithi." Muundo, moja kati ya tano. Lugha, nne kati ya sita. Maudhui, nne kati ya tisa. Tisa kati ya ishirini, ikazungushiwa duara.

Mume aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kumwagilia mboga ambazo alikwisha kuzimwagilia asubuhi. Siku mbili alizungumza na mkewe kwa "ndiyo" na "hapana" tu.

Siku ya tatu, Mwalimu akiwa anachambua mchele, akamwambia, "Baba watoto, duara lile lilizidi. Ningeweza kukuambia kwa mdomo."

"Nilikuomba mwenyewe." Akavuta kigoda. "Anwani nimekubali. Tarehe, haya. Hata huruma nimekubali, mtu haajiriwi kwa kuwa ana njaa. Lakini pampu umenionea."

"Pampu ina nini?"

"Uliisoma?"

Mwalimu akainamia mchele. Ukweli ni kwamba aliipitia juu juu, kama anavyopitia aya zote ndefu za kidato cha tatu.

Mume akamsimulia. Siku moja alipita karibu na pampu kubwa ya kiwandani, akasikia mlio uliobadilika kidogo. Msimamizi alisema iko sawa. Yeye akasisitiza izimwe, wakaifungua, wakakuta beringi inayoshikilia mhimili imeanza kulika. Wakaibadilisha saa ile ile. Ingeachwa mpaka wiki iliyofuata, mhimili ungevunjika na kiwanda kizima kingesimama.

"Sasa niambie," alisema, "mwenye kiwanda anataka kujua nini zaidi ya hicho?"

Mwalimu akaweka ungo chini. Miaka yote amekuwa akiwaambia wanafunzi wamshawishi mwajiri, nao wanamwandikia "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii," anawapa alama. Hapa mtu kaleta ushahidi, yeye kaukata.

"Ni ndefu mno, lakini," alisema. "Na huyo msimamizi umemwita kichwa maji. Barua rasmi haimtukani mtu."

"Alikuwa kichwa maji."

"Mweke moyoni, usimweke kwenye barua."

Mume akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Wakakaa mezani pamoja. Anwani mbili zikakaa mahali pake, tarehe chini ya ile ya kwanza. Badala ya "Habari zenu?" ikaja "Ndugu Meneja". Kichwa cha habari kikataja kazi, kikapigwa mstari. "Nataka" ikawa "Ninaomba nafasi hiyo kama ilivyotangazwa". Hadithi ya pampu ikapungua hadi sentensi nne, bila kichwa maji. Mwisho akaandika kwamba yuko tayari kwa usaili siku yoyote atakayoitwa, kisha "Wako mtiifu", sahihi, na jina kamili.

Aliitwa baada ya wiki mbili. Aliporudi, mkewe alimpokea mlangoni.

"Walikuuliza nini?"

"Mhandisi wao alikuwa na barua mkononi. Aliuliza, mlio wenyewe ulikuwaje? Nikamwigizia. Tukazungumza pampu mpaka katibu akaja kumkumbusha kuna wengine wanasubiri."

Walimchukua kwa miezi mitatu ya majaribio.

Wiki hiyo Mwalimu aliomba madaftari yarudishwe. Wanafunzi wakanung'unika, wakidhani alama zitapungua. Alisoma upya kila aya aliyokuwa ameikata. Nyingi zilikuwa porojo kweli, akaziacha zilivyo. Tatu hazikuwa porojo. Mojawapo ilikuwa ya binti aliyeomba kazi ya ukarani, akaeleza namna alivyopanga upya kabati la vitabu la darasa hadi hakuna kilichopotea muhula mzima. Mwalimu akafuta maudhui nne, akaandika saba, na pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Samahani. Sikusoma vizuri."