Bahari Niliyoidarizi Bila Kuiona

Niliandika kwamba sanaa yangu imezaliwa na mawimbi ya bahari. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka Makambako kwenda Njombe, na hata huko huwa nawahi kurudi kabla chai ya jioni haijapoa.

Upumbavu huo niliufanya kwa bidii. Chuo kimoja pale Njombe mjini kilikuwa kinapokea waombaji wa kozi ya ubunifu wa nguo. Kilitaka picha za kazi kumi na ukurasa mmoja wa maelezo: unafanyaje kazi, na nani au nini kimekuathiri. Picha hazikunisumbua. Mimi nadarizi mashuka na vitambaa vya makochi, kazi inayomfaa mtu asiyependa kutoka nje, hasa wakati wa baridi. Ukurasa ndio ulionishinda. Nikaingia mtandaoni, nikaokota sentensi za watu wakubwa, nikazishona pamoja. Kidato cha nne changu kikavaa suti.

Kwenye usaili, mwalimu mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliusoma wote bila kucheka, jambo lililoniogopesha.

"Bahari uliiona wapi?"

"Kwenye kalenda, mwalimu."

"Na huyu ndege wa kwenye picha ya shuka, mbona bawa moja fupi?"

"Linawakilisha uhuru usio kamili."

Alinitazama kama muuza viazi anavyomtazama mteja aliyeuliza kama viazi vinaliwa na maganda. Akanirudishia karatasi.

"Kazi zako nimezipenda, ila hapa sikuoni. Niandikie kama unavyomweleza jirani yako. Sema mkono wako unaanzia wapi, unakosea wapi, unarekebishaje. Na uniletee michoro ya mwanzo, ile mibaya. Usipoleta kufikia Ijumaa, nafasi nampa mwingine."

Michoro mibaya! Ninayo mingi kuliko mizuri. Huwa nachora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, natoboa mstari kwa sindano, naweka karatasi juu ya kitambaa, kisha nasugua unga wa mkaa upenye kwenye matundu. Nikiinua karatasi, nadarizi nikifuata vidoti. Karatasi ikishachoka, naitupa upande wa ua, na jirani yangu, mama mmoja mjane anayefuga kuku, huiokota.

Nilirudi Makambako nikaenda moja kwa moja kwake.

"Kamwene, mama. Zile karatasi zangu ziko wapi?"

"Zimelaliwa."

Kweli zilikuwa zimelaliwa. Kuku wake wanne walikuwa wanaatamia juu ya miaka miwili ya ubunifu wangu.

"Nazihitaji chuoni."

"Chuo kinataka mavi ya kuku? Ungesema mapema, ningewajazia gunia."

Alikubali kuwainua kuku mmoja mmoja, huku wakitudonoa sote wawili, nami nikapata karatasi sita zinazosomeka. Moja ilikuwa ya yule ndege. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa penseli: *mama anasema njiwa huyu ni uongo, nimchore kuku wake aliyekatwa bawa asiruke ua.* Nilikuwa nimesahau kabisa. Huo uhuru usio kamili ulikuwa mkasi wa jirani.

Usiku huo sikuhitaji mtandao. Niliandika kwamba naanza na kitu ninachokiona dirishani, kwa kuwa sipendi kwenda mbali zaidi. Kwamba namwonyesha jirani juu ya ua, naye huniambia kimeharibika wapi, mimi nanuna, nafumua, nadarizi upya. Kwamba rangi zangu ni nyekundu ya udongo wetu na kijani cha majani ya chai, na pale nilipotumia bluu, uzi wa kijani ulikuwa umeisha. Aliyeniathiri niliandika ni mwanamke mmoja asiyejua kudarizi hata kifungo.

Alhamisi nilimsomea. Alisikiliza huku akichambua maharage.

"Hapo pa kununa umesema kidogo. Huwa hunisalimii siku mbili."

Nikaongeza siku mbili.

Ijumaa mwalimu alizipokea karatasi kwa ncha za vidole. Alinusa, akafungua dirisha, kisha akasoma. Aliiweka ile ya ndege kando ya picha ya shuka, akafuata vidoti kwa kalamu mpaka kwenye bawa, akarudi kwenye maandishi ya penseli.

"Sasa nimekuona," alisema. "Njoo muhula ukianza. Hizi nyingine zianike."

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshika barua ya kukubaliwa kama mtoto wa ubatizo, nikamwita jirani uani. Hakuitazama barua. Alichukua picha ya shuka, akaisogeza karibu na macho, midomo ikihesabu.

"Chuo kimekukubali, sawa. Lakini kuku wangu ana vidole vinne, wewe umemwekea vitano. Nenda kasome."