Ukwaju wa Zaidi

Mwantum alikuwa na ulimi mkali na mkono mzuri wa chungu. Zaidi alimpa talaka kwa sababu ya ulimi, na huo mkono akaukosa. Sijui alidhani vinakaa mbalimbali.

Askari wa Mdachi walipochoma maghala ya Mkongo, watu walikimbilia kwenye mikoko upande wa Salale. Mwantum alikwenda na Bibi Tabu, mama yake Zaidi, kwa sababu alimpenda mkwe wake huyo na hakuwa tayari kumwacha, iwe talaka, isiwe talaka. Bibi hakuwa na jino hata moja. Tangu watoroke alikuwa akinywa maji tu, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Chakula kilikuwa kikapu kimoja, kunde na choroko zimechanganyika. Moto waliuwasha alfajiri tu, ukungu ukiwa mzito wa kuficha moshi. Ukungu ukiinuka, moto unazimwa, maana mashua ya askari ilipita karibu. Mlinzi wa moto alikuwa Zaidi, aliyekimbilia humohumo mikokoni.

Mwantum alizichambua. Kunde, kuukuu na ngumu, akaziloweka usiku kucha kwa maji matamu, yale ya mto yakiwa na chumvi. Choroko hakuziloweka, hizo huiva upesi. Alfajiri akainjika kunde peke yake. Zikianza kulainika ndipo angetia choroko, ziive pamoja bila choroko kuwa uji na kunde kubaki mawe.

Akaenda kuongeza kuni. Aliporudi, Zaidi alikuwa anakung'uta mkono juu ya chungu.

"Nimetia ukwaju," alisema. "Upate kuingia ndani."

"Umeingia, bwana we! Uchachu unazikaza, sasa kunde hazilainiki tena! Mama yako atatafuna kwa nini, kwa masikio?"

Zaidi alibonyeza kunde. Ikamteleza kidoleni, ngumu vilevile. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka juu ya mikoko.

Mwantum aliteremsha chungu kile, akainjika kingine kidogo, maji matamu yaliyobaki, choroko tupu. Akachochea kuni nyembamba zenye moto mkali, kifuniko juu, huku akitukana kwa sauti ya chini ili mashua isisikie. Choroko zilipasuka maganda. Akaziponda kwa mwiko mpaka zikawa rojo, na Zaidi akaumwagia moto mchanga jua likitokeza.

Bibi Tabu alikula polepole, kisha haraka. Mwantum alitazama pembeni ili wasione macho yake.

Zaidi alijipakulia kunde zake. Alitafuna, akatafuna, kila mmoja akisikia.

"Zaidi," mama yake aliita, na sauti imerudi, "zina utamu?"

"Tamu, mama," alisema. Kisha akasogeza bakuli lake karibu na chungu cha Mwantum, bila kumtazama, akasubiri.

Mwantum alimpakulia. Hakusema neno, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kupika.