Maziwa ya Céline

Callixte anafundisha fizikia Masisi. Kila mwaka Céline, bibi yake, alimpa tone la maziwa huku akinung'unika, na lilipotiwa ndani ya beseni la kioo lenye maji, mwali wa laser ulionekana wazi.

Céline alizikwa mwezi uliopita. Leo maji hayana maziwa. Callixte anamulika kupitia ubavu wa beseni kuelekea juu. Mwali unapinda ukitoka majini. Kadiri anavyoulaza, doa jekundu linashuka ukutani, kisha linapotea.

"Mwalimu, pile ya laser imekufa?" mwanafunzi mmoja anauliza.

"Hapana. Pembe kutoka wima imepita digrii arobaini na tisa. Mwangaza haiwezi tena kutoka, yote inarudi mu maji."

"Mbona hatuione?"

"Ni maziwa njo ilikuwa inatuonyesha," anasema, na kugeukia ubao bila kuandika kitu.