Wino Mwekundu kwenye Dokezo la Vipindi vya Dini

Tulikuwa wanne. Mkuu wa shule, aliyetoka Bukoba mjini, Miembeni. Mwalimu wa taaluma, mpanga ratiba, ambaye ni binamu wa marehemu mume wangu. Mwalimu wa dini, mkuu wa idara hiyo, kijana niliyempenda kama mwanangu. Na mimi, mhudumu wa ofisi, mpika chai na mbeba majalada, pale sekondari Kagoma. Majina yao yote ninayo, lakini nayaacha.

Kipindi cha dini kilikuwa Ijumaa saa ya mwisho, wakati wanafunzi wanatumwa maji na kufagia. Yule kijana akaandika dokezo kwa mkuu: anaomba vipindi viwili vya asubuhi kwa wiki, Biblia chache, na nauli ya katekista, mwinjilisti wa Kilutheri na shehe, maana kila mmoja alifundisha watoto wa dini yake, na walikuja kwa miguu.

Mwalimu wa taaluma alimtania, “Ukichukua asubuhi yangu, fizikia niipeleke wapi?”

“Ipeleke Ijumaa, waitu, ndugu yangu, ikafagie,” kijana akamjibu.

Nililipeleka kwa mkuu jalada lenye dokezo asubuhi, nikarudishiwa mchana. Njiani nikalifungua. Mimi niliishia darasa la tatu. Mwandiko wa mkuu sikuuweza, ila niliona wino mwekundu, na mwekundu nilioujua mimi ni ule wa daftari langu: umekosa.

Nikamkuta yule kijana anafundisha, nikasimama dirishani.

“Mama, wamesemaje?”

“Pole, baba. Amekukatalia.”

“Basi lifungie kabatini. Sina haja ya kulisoma.”

Jumatatu ratiba ikabandikwa. Dini, Ijumaa, saa ya mwisho. Mkuu akamwita ofisini, mwalimu wa taaluma akiwepo, mimi namimina chai.

“Mwalimu, nilikusubiri siku tatu. Kwa nini hukuja?”

“Kuja wapi, mkuu?”

Nikatumwa jalada. Mkuu akasoma kwa sauti maneno yake mekundu: “Nimekubali. Tuongee kabla ya kikao cha ratiba, unieleze ni madarasa yapi.” Kumbe yeye huandikia wino mwekundu kila kitu, hata ruhusa ya kununua chaki.

“Sasa ratiba nimeshaituma wilayani, haibadiliki tena,” akasema mwalimu wa taaluma, safari hii bila utani.

Kijana akaniangalia. Nilingoja aseme, na mimi ningeweza kusema kabla yake.

“Nilisahau, mkuu,” akasema. “Ni uzembe wangu.”

Nikamimina chai. Wale wazee watatu, katekista, mwinjilisti na shehe, wakaendelea kuja Ijumaa kwa miguu na kukuta madarasa matupu, hadi mwalimu akahamishwa. Sikumwomba radhi.

Sasa nakaa kwa binti yangu Ijuganyondo, na ndiye ananisaidia kunyoosha haya. Mwalimu, kama yanakufikia, nisahihishe: labda hazikuwa siku tatu, labda haikuwa Jumatatu. Niliwahi kusoma vibaya, naweza pia kukumbuka vibaya. Ila lile la kunyamaza usilisahihishe. Hilo nalikumbuka sawasawa.