Aya Saba Kutoka Ilemba

Mstari ule niliuandika mimi, kwa mkono wangu, na sina wa kumlaumu. Ofisi yetu pale Milanzi hujibu maswali ya wakulima kwa ujumbe wa maandishi, uwe umetumwa kwa simu au kwa kompyuta. Kuna programu ya kompyuta inayotunga majibu ikifuata maelekezo yetu, sisi tunayapitia, kisha yanakwenda. Katika maelekezo hayo nilikuwa nimeandika hivi: ujumbe wa kwanza ukiwa mrefu na umepangwa kwa aya, mtumaji anatumia kompyuta, kwa hiyo apewe jedwali. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi moja ukaingia ujumbe wa mama mmoja wa Ilemba. Ulikuwa na aya saba. Aya ya kwanza salamu, ya pili kujitambulisha, ya tatu shamba lake la ekari mbili, kisha viwavi walioingia kwenye mahindi, walionekana lini, dawa gani ameshanunua dukani, na mwisho ombi: aipimeje ili aokoe chakula cha mwaka mzima. Kila aya imeachiwa mstari mtupu. Nikasema moyoni, huyu ni mwalimu au karani, amekaa mezani na kompyuta yake. Programu ikatunga jedwali pana: jina la dawa, kipimo cha vifuniko vya chupa kwa bomba moja la mgongoni, kipimo kwa ekari nzima, saa ya kupuliza. Kwenye kioo changu lilikuwa limenyooka. Nikaliruhusu liende.

Baada ya muda kidogo akajibu kwa mstari mmoja: "Mwanangu, hivi vifuniko vyote ni vya bomba moja?"

Namba yake alikuwa ameiandika chini ya ujumbe, nikampigia hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa ofisini?"

Nikamwomba anisomee anachokiona. Akasoma polepole, kwa lafudhi ya Kifipa, na nikasikia jedwali langu likianguka vipande vipande. Kwenye simu yake ndogo safu zilikuwa zimevunjika, zimejaa vijiti vilivyosimama, na kipimo cha ekari kimeshuka chini ya neno bomba.

"Umeshapima, mama?"

"Nimeshapima, iko kwenye kopo. Bomba nalo nimelijaza maji. Niliona dawa ni nyingi, nikasema ofisi haiwezi kukosea. Halafu roho ikakataa, nikauliza."

Dawa ya ekari nzima ndani ya bomba moja, na bomba hilo mgongoni mwa mama wa watu! Ingeunguza mahindi, na yeye mwenyewe ingemdhuru. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha. Nikamwambia atoe dawa kwenye kopo kwa kipimo cha bomba moja moja, nikakitaja, naye akakirudia mara mbili. Nikamkumbusha glavu, na apulize jua likipoa, akiielekeza katikati ya mche, maana ndimo kiwavi anamojificha.

Kisha nikamuuliza jambo lililonikereketa: aliandika kwa kompyuta ya nani?

Akacheka. "Kompyuta naitoa wapi? Niliandika kwanza kwenye daftari, siku mbili. Halafu nikahamishia kwenye simu kwa kidole hiki kimoja. Masista walitufundisha, ukiandikia ofisi unapanga aya. Au nyie siku hizi mnasoma barua ovyo ovyo?"

Aya zile zilinieleza kwamba amefundishwa kuandika barua, na kwamba jambo lake ni zito. Kuhusu chombo alichoshika hazikunieleza chochote. Mtu anaweza kuandika kwenye daftari akanakili, akasema na simu ikaandika, au akabandika kitu alichokitunga juzi. Kwetu linafika andishi tupu, halina alama ya vidole.

Nikaenda kwa bosi na kumwambia nafuta mstari ule leo. Kuanzia sasa kipimo kinaandikwa kwa sentensi fupi, kila kimoja na mstari wake, kisomeke kwenye kioo chochote. Anayetaka jedwali ataliomba.

Bosi hakupenda. Majedwali yanapendeza wageni wakija kututembelea. "Huyo ni mmoja tu, bwana," akasema. "Wengi wanaoandika hivyo watakuwa kwenye kompyuta."

"Umewahesabu?"

"Hata kama. Mara nyingi utakuwa umepatia."

"Yule mama hana mara nyingi," nikamwambia. "Ana ekari mbili na mgongo mmoja."

Nikarudi mezani kwangu, nikaufuta.